Hotuba ya ushindi ya mwenyekiti wa wadi: namna ya kuongea na mstari ambao haukukuchagua

Kura ya mwenyekiti wa wadi nchini Uganda, yule tunayemwita LC2, haina siri. Wajumbe wa kamati za seli zote za wadi hukusanyika uwanjani, wagombea husimama mbele, na kila mjumbe hujipanga nyuma ya yule anayemtaka. Msimamizi hupita akihesabu vichwa. Ndivyo ilivyofanyika Julai 2018, tulipowachagua viongozi wa LC1, yaani wa seli, na wa LC2 kwa mara ya kwanza baada ya miaka kama 17.

Kwa hiyo wewe uliyeshinda umemwona kwa macho yako shemeji yako, jirani wa ukuta mmoja, mzee unayeswali naye au unayeimba naye kwaya, akitembea kuelekea mstari wa mwenzako. Naye amekuona ukimwona. Dakika chache baadaye unakabidhiwa kipaza sauti, na yeye bado yuko pale pale, hatua ishirini kutoka kwako. Mbunge huwashukuru wapinzani wake kupitia redio, bila kujua ni nani hasa. Wewe unawajua kwa majina, na wao wanajua kwamba unawajua.

Nimekuwa katibu wa kamati ya seli kwa muda mrefu, na nimewasaidia wenyeviti kadhaa kuandika maneno ya siku hiyo. Mwongozo huu unahusu dakika hizo tano tu. Walio nyuma yako watafurahi hata ukikohoa. Hotuba uandike kwa ajili ya wale wengine.

Hatua ya kwanza: andika hofu zao kabla ya siku yenyewe

Wengi huanza karatasi yao na orodha ya watu wa kushukuru. Anza kwingine. Siku mbili au tatu kabla ya kura, kaa na mtu mmoja mnayeaminiana ambaye ana ndugu upande wa pili, umuulize: wakishindwa, wataogopa nini? Majibu hayatakuwa mengi. Katika wadi nilizozijua mimi, karibu kila mara yalikuwa matatu.

La kwanza ni muhuri. Mtu anayeomba kazi, anayefungua akaunti ya benki au anayemdhamini kijana wake polisi, atahitaji barua na muhuri wa LC. Aliyesimama mstari mwingine hujiuliza kama akija ataambiwa, "Mwenyekiti hayupo, njoo kesho," kila siku.

La pili ni korti. Sheria ya mwaka 2006 ya mahakama za halmashauri za mitaa inaipa kamati ya wadi kazi ya kusikiliza rufaa kutoka korti za seli. Mtu mwenye kesi ya mpaka wa kiwanja au ya deni anajua kwamba mwenyekiti mpya ndiye atakayekaa mbele kesi yake ikipanda. Kama jirani anayeshtakiana naye alisimama mstari wako, usiku huo hatalala.

La tatu ni pesa za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya ngazi ya parishi. Tangu mpango huo ulipozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022, kila parishi na kila wadi imewekewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inaweza kukopa hadi milioni moja. Pesa hizo hupita kwenye sako ya wadi, yaani chama cha akiba na mikopo, hazikai mfukoni mwa mwenyekiti. Lakini watu wanaamini mwenyekiti ana sauti kuhusu nani aingie kwenye orodha, na imani hiyo inatosha kuzaa woga.

Hofu hizo tatu ziandike juu kabisa ya karatasi. Kila sentensi utakayowaelekea waliokupinga iguse mojawapo. Ukisema tu kwamba wewe ni kiongozi wa wote, kila aliyewahi kushinda amelisema, na hakuna aliyewahi kwenda kuchukua barua kwa sababu ya sentensi hiyo.

Kisha andika jambo moja zuri ambalo mpinzani wako amelipigania kwenye kampeni, jambo ambalo hata wewe ukiwa peke yako chumbani unajua lilikuwa na maana. Moja tu. Litahitajika baadaye.

Hatua ya pili: dakika kumi kabla ya kipaza sauti

Usiseme neno hadharani mpaka msimamizi awe ametangaza hesabu na karatasi zimesainiwa. Nimeona mshindi akianza kushukuru huku hesabu ya mstari wa pili ikibishaniwa, na vurugu iliyofuata ilichukua jioni nzima.

Matokeo yakishatangazwa, watu wako watapiga kelele, watapuliza vuvuzela, bodaboda wataanza kuunguruma. Waache kwa dakika moja au mbili, furaha ni haki yao. Wewe ondoka katikati yao, uvuke uwanja kwa miguu, uende kwa mpinzani wako. Usimwite aje, umfuate wewe. Mpe mkono, na kama ni mkubwa wako kwa umri, mpe heshima unayompa siku zote: ukiwa umezoea kumwinamia, mwinamie. Kisha muulize mambo mawili kwa sauti ya chini. Je, naweza kukutaja kwa jina na kwa lile jambo lako? Na je, ungependa kuwasalimia watu baada yangu? Akikataa la pili, usimsukume. Akikataa hata la kwanza, utamtaja kwa heshima na kwa kifupi.

Kabla ya kurudi, ongea na kiongozi wa vijana wako. Mwambie wakati wa hotuba hakuna ishara za mikono. Hapa kwetu dole gumba, vidole viwili na ngumi ni vyama, na mtoto wa miaka saba anajua ipi ni ya nani. Ukiwaambia watu "sisi sote ni wamoja" huku dole gumba au ngumi iko hewani, watakuwa wamesoma mkono. Kama una fulana au kofia ya rangi ya chama, vaa koti juu yake. Hukikani chama chako, ila kazi unayoanza ni ya wadi.

Hatua ya tatu: salamu

Hapa ni pafupi, lakini pana mtego. Kuanzia Busia mpaka Arua hakuna wadi ya mji yenye lugha moja. Kiswahili kinatubeba wote, ila watu husikiliza kwa makini kama lugha yao imetajwa kwenye salamu. Salimia kwanza kwa lugha ambayo wasemaji wake wengi walisimama upande wa pili, kisha ya kwenu. Ukianza na ya kwenu, utasikia uwanja ukigawanyika papo hapo.

Taja itifaki kwa ufupi: msimamizi wa uchaguzi, wazee, viongozi wa dini, wenyeviti wa seli. Kama kuna mkalimani, kata hotuba yako nusu, maana dakika tano zako zitakuwa kumi, na jua la saa nane halina huruma.

Hatua ya nne: shukrani zisizomuumiza mtu

Washukuru wajumbe wote kwa kufika na kusimama juani, mistari yote miwili. Washukuru pia wakazi waliokuja kutazama. Hao hawakupiga kura ya LC2, lakini ndio waliochagua kamati za seli ambazo wajumbe wake wamepiga. Ukiwasahau, watu mia mbili waliojipanga pembeni wataona hotuba haiwahusu.

Usitaje seli iliyokupa kura nyingi. Najua moyo unatamani, maana wale watu walikubeba. Lakini ukisema "ahsanteni seli fulani, mlisimama imara," umezitangaza seli nyingine kuwa hazikusimama. Asante ya namna hiyo ina mahali pake. Jioni nenda nyumbani kwao, kaeni, mnywe chai, uwaambie yote. Kwenye kipaza sauti, hapana.

Hatua ya tano: maneno kwa mstari wa pili

Hapa ndipo hotuba nyingi huharibika, na mara nyingi huharibiwa na mtu mwenye nia njema.

Neno baya kuliko yote ni "nimewasamehe." Niliwahi kumwandikia mshindi mmoja karatasi nzuri, naye akiwa amejaa furaha akaongeza la kwake: "Na wale ambao hawakuniunga mkono, nimewasamehe kabisa." Alilisema kwa upendo, akitabasamu. Mzee mmoja wa mstari wa pili akafungua mwavuli wake, akaondoka, na watu kumi hivi wakamfuata. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Nilikosa nini hata nisamehewe?" Sikuwa na jibu. Kuchagua mtu mwingine si kosa, na msamaha hutolewa kwa mkosaji. Tangu siku hiyo namwambia kila mshindi neno hilo lisitoke kinywani mwake.

Ndugu zake neno hilo ni "warudi nyumbani," "waliopotoshwa," na "karibuni upande wetu." Yote yanamwambia mtu kwamba alikuwa nje. Alikuwa kwao, kwenye wadi yake, akitumia haki yake. Hata "tusahau yaliyopita" ina kasoro, kwa sababu aliyeshinda ndiye anayefaidika kusahau. Aliyeshindwa angependa yale aliyoyasema yakumbukwe.

Basi sema nini? Mambo matatu, kwa mpangilio huu. Kwanza, kiri kwamba umeuona mstari wao na kwamba una maana: hao ni watu wanaotaka kitu ambacho hawakukiona kwako. Pili, zitaje hofu zao moja moja kwa majina yake, muhuri, korti, PDM, na useme utafanya nini. Tatu, lichukue lile jambo moja la mpinzani wako na ulifanye la wadi, ukimpa yeye sifa yake.

Kuhusu PDM uwe mwangalifu. Usiahidi kwamba kila aliyesimama upande wa pili atapata mkopo, kwa sababu huna mamlaka hayo, na watu wako nao watauliza mbona hawakuahidiwa. Unachoweza kuahidi ni uwazi: majina yakitoka, yabandikwe mahali ambapo kila mtu anasoma.

Hatua ya sita: ahadi moja yenye siku na saa

Mwenyekiti wa LC2 hana bajeti ya barabara. Mtaro, taa na lami viko divisheni au manispaa. Ukiahidi lami, mstari wa pili utacheka, na watakuwa na haki. Ahidi kitu ambacho miguu yako na mikono ya watu inaweza kukifanya, kwa mfano siku ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kujitolea, kwenye mtaro uliojaa matope. Kitaje kwa siku na saa, kiwe ndani ya wiki mbili. Ahadi ya karibu humfanya mtu aliyekuwa na mashaka aje kukuhakiki, na akija tayari mmeanza kufanya kazi pamoja.

Mfano mzima

Tuchukue wadi moja ya mji wa mpakani kama Busia. Ina seli sita. Wajumbe waliofika ni 57. Mshindi, mwalimu mstaafu, amepata 31. Mpinzani wake, hajati mfanyabiashara wa nafaka, amepata 26. Hajati amekuwa akipigania mtaro wa nyuma ya soko, ambao kila mvua ikinyesha unaingiza maji kwenye nyumba za watu. Wengi waliosimama nyuma yake ni Wateso wa seli mbili za chini, ambako maji ndiko yanakoingia. Mwalimu mwenyewe ni Msamia. Amekwisha kuvuka uwanja, na hajati amekubali kutajwa na kusalimia.

"Yoga noi! Mulembe! Hamjambo nyote?

Bwana msimamizi, wazee wetu, shehe na mchungaji, wenyeviti wa seli zote sita, na nyinyi wakazi mliosimama pembeni tangu asubuhi: ahsanteni. Wajumbe 57 wamekuja wakasimama juani mbele ya majirani zao. Kusimama hadharani si jambo jepesi. Nawashukuru wote 57.

Wajumbe 31 wamenipa kazi hii. Nimeipokea.

Sasa naomba niongee na wale 26. Nimewaona. Wengine mmenifundishia watoto, wengine nimewafundishia wenu. Hamkusimama kule kwa bahati mbaya. Mlisimama kwa sababu mnataka kitu, na mliona hajati atawapatia. Mlikuwa na haki hiyo asubuhi, na mnayo sasa.

Najua wengine mnajiuliza: je, nikihitaji muhuri? Muhuri wa wadi hautauliza ulisimama wapi. Nitakuwepo Jumatatu na Alhamisi, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, chini ya mwembe wa shule. Ukija ukanikosa siku hizo, nitangaze sokoni.

Mwenye kesi iliyo njiani kuja kwetu, sikiliza. Kama mtu wa upande mwingine wa kesi yako ni ndugu yangu au rafiki yangu wa karibu, sitakaa kwenye kiti siku hiyo. Nitawaachia wenzangu.

Pesa za PDM si zangu, ni za sako. Nitakachodai ni kimoja: kila orodha ibandikwe ukutani pale sokoni, msome wenyewe.

Mwisho, mtaro. Hajati amekuwa akiuimba mtaro ule kila mkutano. Mimi sikuusema sana, na alikuwa sahihi kuliko mimi. Maji yanaingia vyumbani mwa watu. Kuujenga kwa zege ni kazi ya manispaa, na tutakwenda kuwaomba. Lakini matope yaliyomo tunaweza kuyatoa sisi. Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, bulungi bwansi nyuma ya soko. Mimi nitakuja na koleo langu. Hajati, nakuomba uje utuonyeshe pa kuanzia, kwa sababu wewe unaujua kuliko sisi wote.

Kabla hatujatawanyika, naomba hajati awasalimie.

Kwa Mungu na Nchi Yangu."

Ukiisoma kwa mwendo wa kawaida, haifiki dakika nne. Angalia idadi ya wapiga kura ilivyotumika: mwalimu anawashukuru 57 kabla ya kuwataja 31, na hiyo 31 inapata sentensi moja tu. Hilo litawauma baadhi ya watu wake kidogo, na ndiyo maana ile chai ya jioni ni ya lazima.

Sentensi ya korti ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inamgharimu mwenyewe. Kabla ya kuisema, pima kama unaweza kuitimiza. Katika wadi ndogo nusu ya watu ni ndugu zako, na ukiahidi kujiondoa kwenye kila kesi hutakaa kwenye kiti hata siku moja. Mwalimu amesema "ndugu yangu au rafiki yangu wa karibu," na hapo ameweka mpaka anaoweza kuuishi. Sentensi ya "sikuusema sana, na alikuwa sahihi" nayo ni ngumu kuitamka. Washindi wengi huniomba niifute, nami huwasihi waiache, maana ndiyo pekee ambayo mpinzani hawezi kusema ameisikia kwa kila mtu.

Na kama umeshinda kwa tofauti kubwa, tuseme 50 kwa 7? Usizitaje hesabu kabisa. Mstari wa watu saba ni watu ambao kila mmoja anawajua, na ukiwaita "wale saba" wataitwa hivyo miaka mitano. Sema tu "waliosimama na mwenzangu."

Utajuaje kama imefika

Wakati unaongea, tazama miguu ya mstari wa pili. Walioshindwa huanza kuondoka mapema. Kama mpaka unamaliza bado wamesimama, hata kama hawapigi makofi, inatosha. Makofi usiyatafute kwao siku hiyo.

Ishara ya pili huja unapopendekeza majina ya kamati yako ili baraza liyathibitishe. Ukiweka watu wa mstari wako watupu, hotuba yote imekufa kabla hujafika nyumbani. Mtu mmoja au wawili wa mstari wa pili wapewe kazi yenye uzito, kama fedha au usalama, si kiti cha kujazia. Waombe kwanza faraghani. Anayeitwa jina hadharani bila kuulizwa huonekana kama amenunuliwa, na watu wake watamtenga.

Ya tatu ni jioni ya kwanza chini ya mwembe. Beba daftari, andika nani amekuja kuomba muhuri. Kama baada ya wiki tatu hakuna hata jina moja la waliosimama upande wa pili, bado wanaogopa. Usingoje mkutano mwingine. Mfuate mmoja wao nyumbani kwake, mtu ambaye wengine humsikiliza, umwambie muhuri umeubeba mfukoni, na umuulize kama kuna mtu mtaani kwake mwenye fomu ya kusainiwa.